Utepe, sinthesaiza au kompyuta: besi moja, njia tatu

Mtu anayetaka kuanza kutengeneza muziki wa kielektroniki anakuta njia tatu mezani. Kuna utepe wa sumaku wa studio za redio za miaka ya 1950, kuna sinthesaiza ya analogi iliyoshika kasi baada ya 1964, na kuna kompyuta. Wengi huuliza ni ipi yenye sauti nzuri, na hapo ndipo mabishano yasiyoisha huanzia. Swali lenye faida ni jingine: ukibadilisha kimo cha sauti, yaani ujuu au uchini wake, muda wake unafanyaje? Kwenye utepe kimo na muda ni kitu kimoja, ukivuta huku na kule kunavutika. Kwenye sinthesaiza kimo ni volteji, na muda unatawaliwa na sehemu nyingine kabisa. Kwenye kompyuta vyote viwili ni namba. Raha na kero za kila njia, karibu zote, zinatoka hapo.

Ili tusilinganishe hewani, tuchukue besi moja tuitengeneze mara tatu. Ni noti nane katika mapigo manne, kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika: A, A, C, A, D, C, A, kisha G ya chini. Pigo moja ni nusu sekunde, kwa hiyo kila noti ni robo sekunde na mzunguko mzima ni sekunde mbili. A yetu ni ya hezi 110.

Utepe: muda unaoupima kwa rula

Kazi ya kukata na kugeuza sauti zilizorekodiwa haikuanzia Ulaya peke yake. Mwaka 1944 Halim El-Dabh, Mmisri, alirekodi zari, sherehe ya kupunga pepo, jijini Cairo kwa mashine iliyotumia waya wa chuma badala ya utepe, kisha akaichezea rekodi hiyo studioni mpaka ikawa kitu kingine. Pierre Schaeffer alianza Paris mwaka 1948, naye akitumia santuri. Utepe ulipoenea, kazi ikawa ya wembe. Studio ya redio ya Köln ilianzishwa 1951, na karakana ya sauti ya BBC ikafunguliwa London 1958.

Humo BBC ndimo Delia Derbyshire, akisaidiwa na Dick Mills, alimotengeneza mwaka 1963 muziki wa kufungulia kipindi cha televisheni cha Doctor Who, uliotungwa na Ron Grainer. Besi yake ilitoka kwenye waya mmoja uliodonolewa na kurekodiwa, ukabadilishwa kasi kupata noti mbalimbali, na kila noti ikakatwa na kuungwa kwa mkono. Besi yetu tutaifanya hivyo hivyo.

Unahitaji rikoda mbili za rili, moja iwe na kasi inayobadilika. Rekodi waya mmoja ukipiga A, uuache ulie sekunde moja au zaidi. Kisha icheze rekodi hiyo kwenye rikoda yenye kasi inayobadilika huku ya pili ikinakili kwa kasi yake ya kawaida, sentimita 38.1 kwa sekunde. Kupata C unaongeza kasi mara 1.189, D mara 1.335, na G ya chini unapunguza hadi 0.891. Nakili A mara nne, C mara mbili, D na G mara moja moja.

Sasa muda unakuwa urefu. Robo sekunde kwa kasi ya 38.1 ni sentimita 9.5 za utepe. Sukuma rili kwa mikono mbele na nyuma mbele ya kichwa cha kusikilizia, polepole, mpaka usikie mahali waya unapoanza kulia. Weka alama hapo kwa penseli ya nta upande wa mgongo, pima 9.5, kata. Vipande vinane vikiungwa ni sentimita 76, yaani mzunguko mmoja.

Mkono ukikosea milimita 2, noti imechelewa au imewahi kwa milisekunde 5, na hakuna atakayejua. Lakini ukikosea upande uleule kila mara, vipande vinane vinakupa milimita 16, ambazo ni milisekunde 42 kila mzunguko, na mpiga ngoma yeyote ataanza kukunja uso. Kwa kasi ya 19.05 kosa hilo linakuwa maradufu. Ndiyo maana kaseti ya kawaida haifai kwa kazi hii: inakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, noti yako inakuwa na urefu wa sentimita 1.2 tu, na milimita 2 za kosa ni zile milisekunde 42 kwa noti moja.

Mkato huwa wa mshazari, nyuzi 45, na sababu yake inaonekana ukiuweka utepe chini ya taa. Utepe wa upana wa milimita 6.35 ukikatwa hivyo, sauti ya zamani inaondoka na mpya inaingia hatua kwa hatua katika urefu wa milimita zilezile 6.35, kama milisekunde 17. Ukikata wima, mabadiliko yanatokea ghafla na mara nyingi unasikia "tak". Ukiisikia "tak" hata kwenye mikato ya mshazari, shuku wembe: chuma kilichoshika sumaku kinaacha alama yake kwenye kila kiungio. Na usiungie kwa selotepu ya dukani. Gundi yake hutoka pembeni taratibu, na baada ya wiki chache tabaka za utepe zinashikana ndani ya rili.

Kitu ambacho rula haikuonyeshi ni rangi ya sauti. D iliyopatikana kwa kuongeza kasi si A iliyopanda tu. Mwanzo wake umekuwa mkali zaidi, mlio wake unakufa mapema zaidi, na mwili wa chombo kizima unasikika umepungua. G kwa upande wake inasikika kama chombo kikubwa kilichopigwa na mtu mvivu. Besi ya namna hii ina vyombo vinne vinavyofanana kama ndugu, na hilo ndilo watu wanalolisikia wanaposema besi ya utepe "inatembea".

Kurekebisha ndiko kunakochosha. Studio ile ya BBC haikuwa na rikoda ya njia nyingi wakati huo, kwa hiyo tepe za sehemu mbalimbali zilianzishwa pamoja kwa mkono zikachanganywa. Noti moja ilipotoka nje ya mpangilio, walizitandaza tepe kwenye korido ndefu wakalinganisha viungio kimoja kimoja mpaka kosa likaonekana kwa macho.

Sinthesaiza: kimo kinachotegemea joto

Mwaka 1964 Robert Moog, akifanya kazi na mtunzi Herbert Deutsch huko Marekani, alionyesha mitambo ambayo kimo chake kiliendeshwa kwa volteji. Don Buchla alikuwa akienda njia inayofanana kule California. Minimoog ya 1970 iliweka mambo hayo kwenye sanduku moja lenye osileta tatu, yaani saketi zinazozalisha mlio, na kinanda, bila msitu wa waya.

Kanuni iliyoshika ni volti 1 kwa oktavu, yaani kwa kila mara hezi zinapokuwa maradufu. Nusu-toni moja ni sehemu ya kumi na mbili ya volti, yaani milivolti 83.3. Kwa besi yetu, ukianzia A, C ni milivolti 250 juu, D ni 417 juu, na G ni 167 chini. Muda hauguswi kabisa: noti inalia kadiri kidole kinavyokaa, au kadiri sikwensa, mtambo unaopiga noti zilizopangwa, inavyoamuru. Unaweza kupandisha besi nzima oktavu moja bila kuipunguzia hata sekunde moja. Kwa mtu aliyetoka kwenye wembe, hayo yalikuwa mapinduzi.

Bei yake ni joto. Ili volti zilizo sawa zitoe oktavu zilizo sawa, saketi hutegemea tabia ya transista ambayo hubadilika na halijoto, takriban asilimia 0.33 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Watengenezaji huweka kikinza maalumu cha kufidia, lakini kwenye mashine za zamani au zilizokarabatiwa hovyo fidia hiyo huwa pungufu. Tuseme hakuna fidia kabisa, na chumba kimepanda nyuzi 3 tangu utuni. Kila oktavu inatoka nje kwa senti 12, pale senti 100 zinapokuwa nusu-toni moja. Besi yetu inacheza ndani ya nusu-toni saba, kwa hiyo inapotea senti 7, na kwenye muziki wenye ngoma karibu hazisikiki. Melodi ya oktavu tatu inapotea senti 36, na hiyo inasikika hata na mtoto.

Hesabu hiyo inatoa ushauri wa moja kwa moja: sinthesaiza kuukuu yenye osileta zinazohama bado ni chombo kizuri cha besi, lakini usiinunue kwa melodi ndefu. Kwenye chumba cha Mombasa au Dar es Salaam ambako kiyoyozi kinawaka na kuzima, iwashe nusu saa kabla ya kutuni, na isikae kwenye njia ya upepo wake.

Kutambua tatizo ni rahisi ukijua mahali pa kusikiliza. Piga A ya chini, kisha A ya oktavu ya juu. Zote mbili zikiwa nje kwa kiasi kilekile, ni kitufe cha kutuni tu, zungusha. Ya chini ikiwa sawa lakini ya juu imekosea, ni kipimo cha volti kwa oktavu, ama kwa joto ama kwa skrubu ya ndani inayohitaji fundi. Ukiwa na osileta mbili, zipige pamoja noti moja: zikipishana senti 4 kwenye hezi 110, utasikia sauti ikipanda na kushuka kama wimbi mara moja kila sekunde nne. Wimbi hilo watu wengi huliacha makusudi, maana ndilo linaloipa besi ya analogi unono.

Kabla ya kununua vipande viwili vya kuunganisha, uliza kila kimoja kinafuata kanuni gani. Korg MS-20 ya 1978 haifuati volti 1 kwa oktavu. Yenyewe hupandisha hezi moja kwa moja kulingana na volti, kwa hiyo oktavu hutaka volti maradufu. Ukiiunganisha na kinanda cha kanuni nyingine, noti moja itakubali na nyingine zote zitakuwa vurugu. Si kwamba imeharibika.

Kumbuka pia kwamba Minimoog hutoa noti moja kwa wakati. Mwanamuziki Wendy Carlos alipoirekodi albamu ya Switched-On Bach, iliyotoka 1968, kwa mitambo mikubwa ya Moog, alijenga muziki wote sauti moja moja juu ya rikoda ya njia nane. Na mashine hizo hazikumbuki kitu: ukigusa vitufe, sauti ya jana imekwenda, isipokuwa uliichora kwenye karatasi. Kuhifadhi sauti ndani ya mashine kulikuwa jambo la kawaida baada ya sinthesaiza ya Prophet-5 ya 1978.

Kompyuta: namba zisizohama, na makosa yasiyoonekana

Yamaha DX7 ya 1983 ilifuta tatizo la joto kwa mkupuo. Sauti yake ilikokotolewa kwa mbinu ya John Chowning wa Stanford, ikatoa noti 16 kwa pamoja, na A ilikuwa A asubuhi na jioni. Mwaka huohuo kanuni ya MIDI ilianza kuunganisha vinanda vya viwanda mbalimbali. Hicho ndicho kiungo cha programu za leo: noti si sauti, ni maelezo ya sauti. Besi yetu kwenye kompyuta ni visanduku vinane vilivyochorwa. Ukitaka mapigo 140 badala ya 120, unabadilisha namba moja na kimo hakisogei.

Noti zilizochorwa hazichelewi. Anayechelewa ni wewe unapopiga moja kwa moja. Kadi ya sauti hukusanya sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, kabla ya kuzitoa, na kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, kifungu cha sampuli 1,024 ni milisekunde 23, cha 256 ni karibu 6. Noti zikichelewa kwa kiasi kilekile daima, punguza kifungu. Sauti ikianza kutatarika kama mafuta ya mandazi, umepunguza mno na prosesa haiwahi, iongeze kidogo. Na kama unatumia spika au vifaa vya masikioni vya bluutuuthi, acha kuhangaika na namba hizo, maana uchelewaji mkubwa uko kwenye bluutuuthi yenyewe. Tumia waya.

Kosa la pili ni la ajabu zaidi. Kwa sampuli 44,100, hakuna sauti inayoweza kuhifadhiwa juu ya hezi 22,050. Ukipandisha rekodi oktavu moja bila kuichuja, chembe ya sauti ya hezi 15,000 ingepaswa kuwa 30,000. Hakuna nafasi, inakunjwa na kurudi kwenye 14,100, noti ambayo haihusiani na wimbo wako. Dalili yake ni hii: piga ngazi ya noti kwenda juu, usikilize kama kuna mlio mwembamba unaoshuka wakati noti zinapanda. Programu nzuri huchuja kwanza. Baadhi ya sinthesaiza za bure haziangalii hilo.

Na ipo mbinu ambayo rikoda ya kawaida ya utepe na sinthesaiza hazikuwa nayo, kunyoosha: kubadili kasi ya rekodi bila kugusa kimo. Programu hukata sauti katika chembe ndogo na kuzipanga upya, zikibanwa au zikirudiwa. Mlio mrefu wa kinanda unavumilia. Ngoma haivumilii, kwa sababu pigo lake lote liko kwenye mwanzo mkali ambao chembe inaurudia au kuumeza. Ukinyoosha ngoma sana utasikia "trrr" pale palipokuwa na "ta".

Pale njia tatu zinapokutana

Mwaka 1987 ilitoka E-mu SP-1200, mashine ya biti iliyokuwa na nafasi ya sekunde 10 tu za sauti. Maprodyuza wa hip-hop wa New York walikwepa ufinyu huo kwa hila ya utepe: walicheza santuri ya mizunguko 33 kwa kasi ya 45, wakairekodi ikiwa fupi, kisha wakaishusha ndani ya mashine. Hiyo ni mara 1.35, zaidi kidogo ya nusu-toni tano, na wakapata nafasi ya ziada ya zaidi ya theluthi. Mashine ilichukua sampuli 26,040 kwa sekunde, na kushushwa huko kuliacha chenga za ukali kwenye ngoma. Sasa watu wanauza programu za kuuiga ukali huo.

Singeli ya Dar es Salaam inaliweka swali hilohilo mezani kila siku, kwa kuwa kasi yake hufika mapigo 200 hadi 300. Una kipande cha kinanda cha taarab cha mapigo 100, unataka 250. Kwa njia ya utepe ni mara 2.5, kimo kinapanda karibu nusu-toni 16, na kinanda kinageuka kuwa mbu. Kwa kunyoosha unabaki na kimo lakini unachana ngoma zilizomo kwenye kipande. Njia ya katikati ni kukipeleka kwenye 125 tu, kisha ngoma zako zihesabu maradufu. Kasi inapanda mara 1.25, kimo nusu-toni nne pungufu kidogo, na kinanda kinapata ule uchangamfu wa kitoto bila kupoteza umbo. Mwimbaji akiwa na kimo anachoimbia tayari, panga kupanda huko kabla hajarekodi.

| | Utepe | Sinthesaiza ya analogi | Kompyuta |
|---|---|---|---|
| Kubadili kasi ya besi yetu hadi 140 | Kata upya, au ukubali kimo kupanda | Zungusha kitufe cha sikwensa | Badilisha namba |
| Kinachohama chenyewe | Kasi ya mota | Kimo, kwa joto | Hakuna |
| Kosa linajulikana kwa | Rula na macho | Wimbi kati ya osileta mbili | Sikio tu |
| Kurudia kazi ya jana | Rili ipo, ikitunzwa | Karatasi ya vitufe | Faili |

Uchague nini

Mwenye kompyuta tayari aanze nayo, bila kuona haya, lakini azime unyooshaji kwa mwezi wa kwanza. Kwenye Ableton Live chagua `Re-Pitch`, kwenye FL Studio chagua `Resample`, kwenye Audacity tumia `Change Speed and Pitch`. Rekodi waya mmoja wa gitaa kwa simu, uifanye besi ile ya noti nane: C ni ongezeko la asilimia 18.9, D asilimia 33.5, G punguzo la asilimia 10.9. Ukikata kila kipande robo sekunde utakuwa umefanya kazi ya wembe bila wembe, na sikio litajifunza kile ambacho kinyooshaji kinakificha.

Anayepiga jukwaani na anayetaka vitufe vya kushika atanufaika zaidi na sinthesaiza moja ndogo ya analogi kuliko programu kumi. Hata hapo, inunue kwa ajili ya besi na milio. Kazi ya akodi iachie kompyuta, au kinanda kidogo cha Casio cha aina ile inayotumika kwenye mchiriku, ambacho hakihitaji kutuniwa.

Utepe ninauweka wa mwisho, na si kwa sababu ya sauti yake. Rikoda ya rili inayofanya kazi ni adimu, na ukiipata kagua kwanza gurudumu la mpira linalovuta utepe: likiwa gumu na kung'aa, kasi itayumba hata mota ikiwa nzima. Tepe nyingi za miaka ya 1970 na 1980 gundi yake imenyonya unyevu, na pwani unyevu hautuhurumii. Ukicheza moja ikapiga yowe na kuacha ukoko wa kahawia kwenye kichwa, isimamishe papo hapo. Kila mita inayopita baada ya hapo inabanduka na sauti yake.